Kibuyu Ambacho Murhula Hakukionja

Zamani mtu wa Bushi, huku kwetu upande wa Bukavu, akipewa kinywaji alimtazama machoni anayempa, akamwona akionja kwanza, ndipo naye akanywa. Siku hizi anatazama simu, na sumu anaiamini kabla kibuyu hakijatoka hata ndani ya nyumba.

Murhula wa Mumosho alizaliwa katika ule wakati wa kwanza akazeekea katika huu wa pili, na hapo ndipo yalipomkuta. Alikuwa mpika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kama baba yake. Ndizi alizifukia shimoni mpaka ziive, akazikamua kwa nyasi ndani ya gogo lililochongwa, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akafunika na kungoja. Hakuongeza sukari, wala ule unga wa dukani ambao vijana wanautia ili pombe ichemke upesi. Arusi ya Nyangezi, matanga ya Panzi, ubatizo wa Kadutu, watu walimwita yeye. Naye alikwenda pamoja na bidoni zake, yale madumu ya plastiki, kwa sababu kwake kazi haikuishia kwenye kupika. Ilimbidi asimame mbele ya watu, ajaze kibuyu, anywe yeye kwanza huku wote wakiona koo lake likishuka na kupanda, halafu ndipo ampe mkubwa wa pale. Katika nchi ambayo neno sumu limevunja familia nyingi kuliko vita, ule mnywo wa kwanza ulikuwa kiapo. Vijana waliuita mambo ya wazee. Haya, sasa wana mambo yao.

Miaka mitatu kabla ya haya, binti mmoja mpiga picha anayeitwa Lydie alikuja Mumosho kwa ajili ya habari ya ugonjwa wa migomba. Alifanya kazi Bukavu, kwenye gazeti la mtandaoni liitwalo Ziwa Leo. Alimkuta Murhula ameinua kibuyu, anaonja mbele ya wageni, nyuma yake kilima na migomba iliyoanza kunyauka. Aliomba ruhusa, akapiga. Picha ikatoka na jina lake chini, Murhula, mpika kasiksi wa Mumosho. Eulalie, mke wake, aliwaonyesha mpaka mapadri.

Kisha mwaka huu, majira ya arusi yakianza, watu walikufa huko Sange baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na kitu kibaya. Kijana mmoja akakamatwa. Jioni ileile, Ziwa Leo wakatoa habari: Muuza pombe aua wanywaji Sange. Na chini ya maneno hayo wakaweka picha ya Murhula, kibuyu mdomoni.

Yeye hakujua. Asubuhi alikwenda Panzi na bidoni mbili kwa arusi ya Isidore, mteja wake wa miaka mingi. Isidore alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Papa Murhula, kumbe bamekuachilia?"

"Nani aniachilie? Nilifungwa wapi?"

Isidore akamwonyesha simu. Murhula alijiona mwenyewe, na juu ya kichwa chake akaona neno aua.

"Mi nakujua siku zote," Isidore akasema, akitazama chini. "Lakini bibi arusi na familia yake, banasema hapana. Rudi na bidoni zako, papa. Usikasirike."

Alirudi nazo zimejaa. Siku mbili baadaye Kadutu nao wakarudisha za kwao, kifuniko hakijafunguliwa. Wengine hawakurudisha, walimwaga mtaroni na kumpigia Eulalie simu kumwambia wamemwaga. Pale Essence, kwenye njia panda ya mjini, vijana wa pikipiki walimzunguka, mmoja akampiga picha nyingine, akicheka: "Muuaji wa Sange, ongeza sumu!" Kama si mama mmoja wa Mumosho aliyepita na kupiga kelele kwamba anamjua, wangemtenda vibaya.

Eulalie alizipanga bidoni zilizorudi uani. Hakulia. Alisema tu, "Ukikufa leo, kwenye matanga yako tutanywesha batu nini?"

Swali hilo ndilo lililompeleka Nyawera, mjini Bukavu, kwenye ofisi ya Ziwa Leo, ghorofa ya pili, juu ya duka la simu. Alivaa koti. Hakutaka pesa, wala hakwenda kubembeleza. Alitaka waliolitia sumu jina lake walisafishe mbele ya wale wale waliolisoma, basi.

Mkubwa wa pale alikuwa kijana anayeitwa Guy, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, mwenye sauti ya upole ya watu waliozoea kukataa.

"Papa, kaa. Najua habari yako. Lakini soma hapa." Akageuza kompyuta. Chini ya picha, kwa herufi ndogo na rangi ya majivu, kulikuwa na maneno matatu: picha ya maktaba.

"Maktaba ni nini?"

"Ni picha iliyokuwa kwetu tangu zamani. Hatusemi ni wewe. Tunasema ni picha ya pombe tu, kuonyesha habari inahusu nini."

"Sababu gani hamukuweka ya Sange yenyewe?"

Guy akatabasamu kama mwalimu. "Nani alikuwa Sange na kamera jioni ile? Barabara unaijua. Mushukiwa mwenyewe hatuna picha yake, na hata tungekuwa nayo, hajahukumiwa. Na habari bila picha, papa, ukurasa wetu hauipokei kabisa. Hata ukiipokea, hakuna anayeifungua. Wenzetu walikuwa wameshatoa. Nikaingia kwenye maktaba, nikaandika pombe ya kienyeji, ikatoka ya kwako. Iko nzuri, mwanga muzuri. Kila gazeti la dunia linafanya vile."

"Kila gazeti la dunia linaweka uso wa mutu ambaye hakuua?"

Kwenye meza ya pili Lydie alikuwa amekwisha kuinama. Ndiye aliyesema, bila kumtazama mkubwa wake:

"Uso haukupaswa, Guy. Ungeweka bidoni. Ungeweka barabara ya Sange. Uso wa mutu anayejulikana kwenye habari ya mauaji, hata uandike maktaba mara kumi, unabaki uso."

"Lydie, fanya kazi yako."

Murhula akaomba neno moja tu litolewe, kwa ukubwa uleule wa lile la kwanza, kwamba huyu mzee wa kwenye picha hana uhusiano na vifo vya Sange. Guy akatikisa kichwa. Picha ataibadilisha, sawa, leo hii. Lakini kuandika samahani ni kukubali kosa, na kosa halikuwepo. Maneno yapo chini. "Musomaji anatakiwa asome, papa. Sisi hatuwezi kumusomea."

Aliposhuka ngazi Lydie alimfuata. Alikuwa na haya usoni, jambo ambalo kwa vijana wa mjini unaweza kulitafuta mwaka mzima. Akampeleka chini ya kibaraza cha duka, akafungua simu na kumfundisha, ili aweze angalau kujitetea.

"Batu bakikubishia, baonyeshe hivi. Kwanza maneno ya chini. Picha ya maktaba, au picha ya mfano, maana yake haikupigwa siku ile, na aliye ndani si lazima awe wa habari ile. Picha ya tukio lenyewe huwa inataja ni nani, ni wapi, ni siku gani. Hapa hakuna. Pili, soma habari yenyewe. Inasema mushukiwa ni kijana. We uko kijana?"

"Nilikuwa."

Akacheka kidogo. "Tatu, angalia nyuma yako. Kilima na migomba. Sange iko kilima gani? Ni tambarare. Na mwisho, fanya hivi." Akaigusa picha, simu ikaitafuta, na picha ileile ikatokea tena: mara moja kwenye habari ya ugonjwa wa migomba, tarehe ya miaka mitatu iliyopita, mara nyingine kwenye makala ya gharama za arusi. "Picha ambayo ilikuwa duniani kabla ya tukio haiwezi kuwa ya tukio. Hiyo hata mutoto anaweza kuona."

"Basi kwa nini hawaoni?"

Lydie akafungua kikundi cha WhatsApp, akamwonyesha jinsi habari ilivyosambazwa. Palikuwa na picha kubwa, kichwa cha habari, na jina la gazeti. Basi. Yale maneno madogo hayakusafiri. Yalibaki kwenye ukurasa, na ukurasa haukufunguliwa. Hata Guy akibadilisha picha leo, alisema, zile zilizokwisha kutumwa zitabaki na uso uleule.

Murhula alijaribu. Alisimama sokoni na simu ya Eulalie, mzee mzima, akieleza kilima na tambarare. Mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Papa, maneno yako iko muzuri. Lakini mi sina mega ya intaneti ya kufungua. Naona ile iko juu." Akasogeza kikapu chake mbali na miguu ya Murhula. Ndivyo tulivyo sasa: tumeuza masikio na macho ya wazee wetu, tukanunua mlango wa nyumba bila nyumba.

Aliacha kueleza. Kila jioni alisafisha gogo lake lisilo na kazi, na Eulalie alimsikia akizungumza na Guy kana kwamba Guy amekaa pale uani.

Mtu mmoja tu hakumwacha. Alikuwa Edouard, jirani yake, mwenye ng'ombe na mwenye maneno machache, asiyetazama simu. Alikuja siku moja kuagiza kasiksi kwa ajili ya mahari ya binti yake Colombe. Watu wa Bukavu wanakuja, alisema, nataka waone sisi bado tuko batu.

"Mukwe ni nani?"

"Kijana wa gazeti. Wa Nyawera kule. Guy."

Murhula alijaza kiko, akakisahau mkononi bila kukiwasha. Halafu akasema, "Nitapika mwenyewe, kwa mikono yangu."

Hakuwa amewahi kupika kasiksi kama ile. Alichagua ndizi moja moja, akikataa hata zile alizokuwa akizisifu. Mtama aliukaanga mwenyewe, Eulalie asiuguse. Kasiksi ilipoiva alionja, akatoa machozi kwa utamu wake, akacheka peke yake. Halafu akachukua kibuyu cha baba yake, akakigeuza, na chini kabisa kwenye kitako akakwaruza kwa ncha ya kisu maneno madogo sana. Eulalie alipomuuliza anafanya nini, alimjibu kwamba anaandika kama wanavyoandika wasomi.

Siku ya mahari uwanja wa Edouard ulijaa. Watu wa Guy walifika na magari matatu, mama yake Adélaïde akiwa na kitambaa cha kung'aa kichwani, wajomba, wenzake wa ofisini, na Lydie na kamera. Ng'ombe walitajwa, maneno yakapelekwa na kurudishwa, mzaha ukapita. Colombe alitolewa ndani, mrefu, mtulivu, akaketi kwenye mkeka. Kisha Edouard akasimama akatangaza kwamba sasa mkwe atanywa kinywaji cha nyumba hii, na akishakunywa amekuwa mtoto wa nyumba.

Murhula akatoka nyuma ya nyumba na kibuyu mikononi, shati jeupe, hatua za polepole. Guy alikuwa akicheka na mjomba wake. Akainua macho, na kicheko kikakaa mdomoni bila mwenyewe.

Murhula akasimama mbele yake. Wazee wote walingoja koo lake lipande na kushuka. Hakuonja. Alinyoosha mikono miwili kwa heshima yote, akampa.

Mzee mmoja akainuka kitini ili aone vizuri.

"Murhula," Edouard akasema polepole. "Umesahau kuonja."

"Sikusahau, mukubwa wangu. Mukwe wetu ni mutu wa kusoma. Maneno iko chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya kibuyu. Kwa herufi ndogo. Musomaji anatakiwa asome."

Guy alishika kibuyu kilichojaa hadi ukingoni. Kukigeuza asome ni kuimwaga pombe ya wakwe mbele ya wakwe. Kukirudisha ni kusema nyumba hii ina sumu. Na kukinywa... Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, juu ya midomo, kwenye shati lile lililopigwa pasi vizuri.

"Usikunywe!" Adélaïde akapiga kelele. "Guy, mwanangu, usikunywe! Si ni ule mutu wa Sange?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Wazee wa Mumosho wakageukiana. Edouard alisimama wima kama mtu aliyepigwa kofi. "Ndani ya nyumba yangu," akasema, "banataja sumu."

Hapo Lydie ndiye aliyesogea. Hakupiga picha. Alieleza yote mbele ya watu: picha ya migomba, jioni ya Sange, maktaba, neno la samahani lililokataliwa. Alieleza kwa ufupi, na kila aliposema jambo alimwelekea Edouard badala ya mkubwa wake. Alipomaliza hakuna aliyemtazama Murhula tena. Walimtazama Guy.

"Ni kweli?" Edouard akauliza.

"Ni kweli," Guy akasema kwa sauti ya chini. "Huyu muzee hana uhusiano na mambo ya Sange."

"Sikusikia," Murhula akasema.

"Nimesema hana uhusiano."

"Hiyo ni herufi ndogo, kijana. Mi niliuawa kwa herufi kubwa. Sema kwa zile za juu."

Mzee mmoja nyuma akacheka, mwingine akadakia, "Kichwa cha habari! Atoe kichwa cha habari!" Na uwanja mzima ukaanza kudai, wake kwa waume, mpaka Guy akasimama na kupiga kelele, shingo imevimba, kwamba Murhula wa Mumosho hakuua mtu, kwamba picha ilikuwa ya zamani, kwamba yeye Guy ndiye aliyeiweka na kesho ataandika hivyo juu kabisa, kwa ukubwa uleule.

Murhula aliyanywa maneno yale kuliko pombe yoyote. Kwa miezi alikuwa ameyaota, na ndotoni hayakuwa matamu hivyo.

Edouard akangoja kelele ziishe. "Vizuri. Basi kama unaamini uliyosema, kunywa."

Guy akainua kibuyu. Kasiksi ikamwagikia viatu. Alikifikisha mdomoni. Wazee walitazama koo. Koo halikupanda, halikushuka. Alilowesha midomo tu, akakishusha, na akajifuta upesi kwa kiganja, kama mtu anayefuta uchafu.

Murhula akamnyang'anya kibuyu, akakinywa chote bila kupumua mbele ya macho yao, akakigeuza kikauke, akampa Edouard asome kitako. Edouard aliyasoma kwa sauti: "Nimeonja nyumbani."

Mahari haikupokelewa siku ile. Edouard alisema mtu anayetoa neno asiloliamini mwenyewe arudi akalitafute kwanza. Magari matatu yaligeuka kwa shida kwenye uwanja mwembamba. Murhula alisimama akihesabu furaha yake, na ndipo alipoona kwamba Colombe bado yuko kwenye mkeka, palepale alipoketishwa, na hakuna aliyekumbuka kumwinua. Yeye hakuwa ameandika kitu. Hakuwa amechagua picha yoyote. Alimtazama Murhula, na Murhula akajiambia kwamba hilo lisimhusu, akaenda kukusanya bidoni zake, ambazo wazee wa Mumosho walikwisha kuzimaliza, tupu zote, kwa mara ya kwanza tangu habari ya Sange.

Guy aliandika kesho yake, juu kabisa, kwa ukubwa uleule, na safari hii uso wa Murhula ulikuwa na jina lake chini na tarehe ya picha. Wateja walirudi, si wote. Isidore alirudi na mbuzi mdogo. Yule mama wa sambaza hakurudi kamwe. Habari ya pili haikumfikia, au hakuwa na mega. Lydie aliacha kazi Nyawera, akawa anapiga picha za arusi, na kila mtu aliye ndani ya picha zake anajulikana jina.

Mara ya mwisho Murhula kumwona Colombe ilikuwa kwenye matanga huko Panzi. Alijaza kibuyu kama kawaida, akanywa kwanza mbele ya wote, akakitoa kiende. Ndipo alipowatambua mwisho wa mstari, Guy na Colombe, wameketi karibu, pete zote mbili vidoleni. Kumbe walikuwa wameoana mahali pengine, bila kasiksi yake. Kibuyu kilimfikia Guy, naye akakipitisha bila kukileta mdomoni. Colombe akakipokea. Akamtazama Murhula machoni, kwa utaratibu wa zamani, akanywa polepole, koo likipanda na kushuka, macho hayajamtoka; na aliyeinamisha macho kwanza alikuwa Murhula.